Somo la Friji Bila Mwalimu Wake

Nilitoka chuo kikuu nikiwa na digrii ya historia na imani kwamba nchi ilikuwa ikinisubiri kwa hamu. Nchi ilinipokea katika chumba cha ofisi ya afya, ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Nairobi, dirisha likitazama uchochoro wa nyuma ya hoteli, ikanipa meza yenye mguu mmoja mfupi na cheo cha msaidizi wa mafunzo. Nilipoandika barua nyumbani nilikieleza cheo hicho kwa aya nzima. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba projekta.

Projekta ilikuwa ya Mwalimu. Tulimwita hivyo wote, ingawa hakuwahi kusomea ualimu. Alikuwa fundi wa friji kutoka magharibi ya nchi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wa dispensari za mashambani jinsi ya kutunza friji ya mafuta ya taa, ile inayohifadhi chanjo mahali ambapo stima haijafika. Wengi hawakuamini kwamba moto unaweza kutengeneza baridi. Mwalimu hakujaribu kuwaeleza. Aliwaambia, "Hata mimi sijui vizuri. Lakini moto ukiwa mbaya, baridi inakataa. Hiyo najua."

Somo lilikuwa na slaidi ishirini na nane, picha ndogo za rangi zilizobanwa kwenye fremu za kadibodi, alizozipiga mwenyewe katika safari zake. Tulifundishia Muthangari, mtaa wa pembeni mwa jiji, katika nyumba ya zamani ambayo ofisi ilikuwa imeirithi pamoja na waridi zake na bafu ambalo lingetosha kuogesha ndama. Sebuleni tulitundika shuka jeupe. Jikoni kulikuwa na friji yenyewe, nyeupe, yenye miguu minne, na tangi lake la mafuta chini. Mimi nilifunga mapazia, nikawasha projekta, na kubonyeza kila Mwalimu alipogonga sakafu kwa fimbo.

Picha ya sita ndiyo niliyoipenda. Ilionyesha friji nadhifu kuliko zote, imesukumwa hadi ukutani, juu yake kitambaa kilichofumwa kwa uzi mwekundu, chombo cha maua, na redio. Mwalimu aliiacha hapo bila kusema neno. Watu walianza kuisifia. Kila mara mama mmoja alisema, "Huyu anajua usafi." Mwalimu aliwaacha waisifie mpaka washibe, kisha akapiga shuka fimbo na kunguruma: "Mmeua watoto!" Watu waliruka vitini. Hapo ndipo alipowaeleza kwamba friji ile hupumua kwa nyuma na kwa juu, na ukiibana na ukuta na kuifunika, inapata joto na chanjo inaharibika bila kubadilika rangi wala harufu. Sijawahi kukutana na mtu aliyehudhuria somo lile kisha akaisukuma friji ukutani.

Kisha koo la Mwalimu likaota kitu. Wakamlaza hospitalini, wakakikata, na wakamwambia asitoe sauti kwa majuma sita, hata kunong'ona. Mkubwa wetu alinisimamisha kwenye ngazi Jumatatu asubuhi na kuniambia niweke somo kwenye karatasi, ili wanaokuja wapewe waende nazo. Wewe umesoma, alisema. Nilikubaliana naye kabisa.

Aliyekuja alikuwa mmoja tu. Alifika Jumanne kwa treni, mama wa miaka arobaini hivi, msaidizi wa dispensari moja karibu na mpaka, akiwa na kikapu na barua ya daktari wa wilaya. Friji mpya ilikuwa imeshafika kwake, bado iko ndani ya sanduku. Chanjo ya surua ingeletwa juma lililofuata. Treni yake ya kurudi ilikuwa Ijumaa jioni.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza.

"Ni mgonjwa, mama. Lakini tunakuandalia karatasi."

Alinitazama kama mtu aliyeagiza chakula akaletewa picha ya sahani. "Sikiza, mwanangu. Yule aliyekuwa kabla yangu alikuwa na friji ya zamani. Dawa ilikufa ndani yake na yeye hakujua. Watoto wakadungwa, mama zao wakaenda nyumbani wakifurahi. Surua ilipokuja ikawachukua vilevile. Yeye walimhamisha. Mimi sina pa kuhamishiwa, mimi ni wa pale pale. Nikiharibu, nitaulizwa na hao mama kila siku nikienda kuteka maji."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nina aibu kukumbuka jinsi nilivyolisema hilo, huku nikichezea kalamu.

Kazi niliifanya kwa siku moja. Nilizitazama slaidi moja moja, nikanakili maneno yaliyokuwa juu yake, ambayo hayakuwa mengi: "Mahali pa friji." "Moto." "Moto." "Mlango." Nilibandika karatasi ukutani, nikaangaza slaidi ndogo juu yake na kufuatisha mistari kwa penseli, kisha nikaihamishia kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, kwa kalamu ya chuma, nimeiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Michoro ilitoka vizuri, nakiri. Mbele ya yote niliweka utangulizi wa kurasa mbili juu ya historia ya baridi, kuanzia Waajemi wa kale waliohifadhi barafu jangwani. Niliona hiyo ndiyo sehemu iliyokosekana katika somo la Mwalimu.

Karani wetu wa chapa, dada wa kutoka Kikuyu, mji mdogo nje ya Nairobi, aliyekuwa akiingia mjini kila asubuhi kwa basi la saa kumi na mbili, alipiga yote bila kuinua macho. Alipomaliza aliikunja stensili kwenye silinda, akatia wino, akazungusha mkono wa mashine, na kurasa zikaanza kutoka zikiwa na harufu ile ninayoisikia hata leo nikipita karibu na duka la vifaa vya shule. Alichapa pande zote mbili za karatasi. Tulikuwa tumeagizwa kubana matumizi.

"Umesoma?" nilimwuliza, nikitafuta sifa.

"Mimi napiga tu, Digrii," alisema. Ndivyo alivyoniita. "Kusoma ni kazi ya yule mama. Twende tuone kama anaweza."

Jumatano tukapanda basi sote watatu hadi Muthangari. Nilikuwa nimejiandaa kuketi jikoni na kufafanua pale ambapo pangehitaji kufafanuliwa. Karani akanizuia mlangoni.

"Utasimama hapa. Na usiseme neno."

"Hata kidogo?"

"Huko anakoenda utakuwa kwa jikoni yake? Basi. Nyamaza."

Mama alivaa miwani, akaketi kwenye kiti, akaanza kusoma kwa kidole. Alisoma kwa heshima kubwa. Kwenye ukurasa wa pili aliinua kichwa. "Hawa Waajemi wana friji?"

Nikafungua mdomo. Karani akanifinya mkono.

Hakupata jibu, akaendelea. Akafika kwenye mchoro wa sita, chini yake maneno "Mahali pa friji." Akautazama sana, akatazama friji, kisha akamwomba karani amsaidie. Wakaisukuma friji mpaka ikagonga ukuta. Mama akarudi kwenye karatasi kuhakikisha, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza juu ya friji na kukinyoosha pembe zote nne. Akarudi nyuma hatua moja kuiangalia. Ilikuwa imefanana na mchoro wangu kabisa. Kilichokosekana ni redio tu.

Nilitaka kupiga kelele kama Mwalimu, lakini karani alikuwa bado ameushika mkono wangu, na kucha zake zilikuwa ndefu.

Akafika kwenye moto. Slaidi ya tisa na ya kumi zilionyesha moto mzuri, wa buluu, na moto mbaya, wa manjano. Kwenye shuka hata mtoto angetofautisha. Kwenye karatasi wino wetu ulikuwa mweusi, na nilikuwa nimechora mioto miwili myeusi iliyofanana kama pacha, kila mmoja ukiwa na neno "Moto" chini yake. Mama aliigeuza karatasi juu chini, akaisogeza mwangani. Mwishowe akachagua ule ulioonekana mrefu kidogo, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, mkubwa lazima uwe na nguvu. Aliwasha, akapandisha utambi, moto ukatoka wa manjano na mkia wa moshi, akalisukuma tangi na moto wake chini ya friji na kufunga. Baada ya dakika kumi jikoni pakanuka masizi.

"Ziba pua, Digrii," alisema karani kwa sauti ya chini. "Hiyo ni historia ya baridi."

Nilizima moto. Mama alikuwa amesimama katikati ya jikoni, kichwa wazi, karatasi mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimekosea wapi?" aliuliza. "Nimesoma kila neno."

Karani ndiye aliyejibu. "Hujakosea, mama. Umefanya vile karatasi imesema."

Mama alikichukua kitambaa chake, akakikung'uta, na hakukifunga. "Kama ni hivi," alisema, "ni afadhali wasiniletee hiyo dawa. Nitawaambia wabaki nayo."

Aliposema hivyo nilielewa kwamba hatanii, na kwamba angekwenda kweli kumwambia daktari wa wilaya hivyo. Watoto wa pale wangekaa bila chanjo kwa sababu ya mchoro wangu mzuri. Nilimwomba anipe mpaka Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nikaenda hospitalini na sanduku la slaidi. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, shingo imefungwa bandeji, daftari la shule magotini na penseli sikioni. Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye kitambaa cha mama, mabega yake yalitikisika, akashika koo kwa maumivu, akanifanyia ishara nisimchekeshe.

Nikawa nazishika slaidi moja moja dhidi ya mwanga wa dirisha, naye anaandika yale ambayo angeyasema. Sijawahi kumwona mtu akihangaika vile. Mkono wake ulikuwa mzito, na kila sentensi ilimgharimu. Lakini kwa kuwa ilimgharimu, hakuandika hata moja ya bure.

Nilishika picha ya sita. Akaandika: *Hapa huwa nanyamaza.*

"Halafu?"

*Halafu napiga kelele.*

"Na kwenye karatasi nitapigaje kelele, Mwalimu?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Nesi alikuja akampima joto, akaenda. Kisha akaandika, na ukurasa huo nilibaki nao kwa miaka mingi mpaka ulipopotea nilipohama nyumba: *Usianze na kosa. Mimi nikiwepo naweza kuwaonyesha kosa, kwa sababu nitawarudisha. Mtu akiwa peke yake anaamini picha ya kwanza.* Akafikiri tena, akaongeza: *Kosa liweke pili. Lipige X. X iwe kubwa kuliko friji.*

Tukaja kwenye moto. Nilimweleza kwamba hatuna wino wa rangi. Akaandika: *Andika buluu kwa maneno.* Akatikisa kichwa, hakuridhika. *Avute tangi nje. Ashike kijiko juu ya moto, ahesabu mpaka ishirini. Kijiko kikiwa cheusi, moto mbaya. Ashushe utambi.* Hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Hakuwahi kulisema darasani pia, kwa sababu darasani alikuwa na rangi.

"Watu huuliza nini?" nilimwuliza. Wazo hilo nililipata kwa karani, lakini nililitoa kama langu.

Akageuza ukurasa na kuandika bila kusimama. *Mafuta yakiisha? Nikisafiri siku mbili? Nesi akitaka kuweka maziwa yake? Moto ukipanda wenyewe nikitoka?* Nilishangaa. Nusu ya somo lake ilikuwa ndani ya midomo ya wanafunzi, na mimi sikuiona kwa sababu wakati wa maswali nilikuwa nikikunja waya.

Nilipokuwa nikiondoka nilimwonyesha utangulizi wangu. Aliusoma mpaka mwisho, kwa adabu, akaandika: *Hawa Waajemi nao wanakuja mafunzo?*

Mchana huo karani na mimi tulianza upya. Waajemi waliondoka. Kila hatua ikapata ukurasa wake, mchoro mmoja juu, maneno machache chini, na maneno yenyewe yakawa amri: vuta, pima, shusha, subiri. Friji nzuri ikaja kwanza, imetengana na ukuta kwa upana wa kiganja kilichotandazwa, bakuli la maji juu yake kupima kama imesimama sawa. Friji ya kitambaa ikafuata, imepigwa X niliyoikwaruza kwa nguvu mpaka nikapasua stensili ya kwanza. Karani akaiziba kwa dawa yake nyekundu ya kufutia makosa, ile yenye harufu ya rangi ya kucha, akaipuliza ikauka. Pale ambapo Mwalimu alikuwa akisema "kama mnavyoona hapa," tuliuliza anaona nini hasa, tukaandika hicho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maswali na majibu yake.

Nilipoandaa karatasi ya kuchapa, karani aliuliza, "Huyo mama atafanya nini na hii akifika?"

"Atasoma."

"Mikono ikiwa na mafuta? Ataibandika ukutani karibu na friji. Ukichapa huku na huku, nusu ya somo itatazama ukuta."

Tukachapa upande mmoja. Kuhusu kubana matumizi, alisema mkubwa akiuliza nimtume kwake.

Ijumaa asubuhi tulirudi Muthangari. Safari hii sikuhitaji kufinywa. Mama alikuwa amefunga kitambaa chake vizuri sana, kama mtu anayekwenda mahakamani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaivuta friji mbali na ukuta, akapima nafasi kwa kiganja. Alisoma wa pili, akaona X, akacheka peke yake na kutikisa kichwa. Bakuli la maji lilimwonyesha kwamba mguu mmoja wa friji uko chini, akakunja kadibodi akauinua. Kijiko kilitoka cheusi. Akashusha utambi, akakipangusa, akajaribu tena. Kikatoka safi. Akaniinulia kile kijiko.

Kisha ukaja ukurasa uliosema: baada ya kuwasha, subiri kidogo, uangalie moto tena. Akasubiri kidogo. Alisubiri muda wa kupiga chafya, akaangalia, akaridhika, akaendelea. Tuliporudi kuangalia baadaye, moto ulikuwa umepanda na kuwa wa manjano, kwa sababu chuma kikipata joto moto hukua wenyewe.

"Kidogo ni ngapi?" aliuliza mama.

"Nusu saa," nilisema.

"Sasa mbona hamkuandika nusu saa?"

Karani alinitazama. Mimi ndiye niliyeandika "kidogo." Tulirudi mjini, akaupiga ukurasa ule upya huku mama akimsimamia, na saa kumi alasiri nilimsindikiza stesheni. Kurasa kumi na moja zilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kikapu, chini ya mkate. Kabla ya kupanda aliniuliza kama Mwalimu atapona. Nilimwambia nadhani atapona. "Mwambie asije," alisema. "Kama hii karatasi ni nzuri, asisumbuke na safari. Kama ni mbaya, utakuja wewe."

Majuma yaliyofuata nilikuwa naangalia kikapu cha barua kila asubuhi kabla sijavua koti. Ofisi ilikuwa inaendelea na mambo yake. Mimi kwa mawazo nilikuwa Muthangari, mbele ya friji iliyofunikwa kitambaa, nikiwaza jikoni nyingine nisiyoijua.

Barua ya yule mama ilifika siku ambayo Mwalimu alirudi kazini, amekonda, na sauti yake imebaki ya mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Ndani yake mlikuwa na fomu ya joto la friji la mwezi mzima, alama mbili kila siku, asubuhi na jioni. Tuliitandaza kwenye meza yangu yenye mguu mfupi. Mstari wa kuziunganisha ulikuwa kati ya nyuzi nne na nane, siku baada ya siku, ukitambaa kama mchwa mwenye nidhamu. Siku moja tu ulipanda mpaka kumi na moja. Pembeni aliandika: *Utambi ulikuwa na masizi. Nilihamisha dawa kwenye kikapu cha barafu, nikasoma ukurasa wa tano, nikasafisha. Jioni imerudi saba. Watoto wote wa kijiji wamedungwa.*

Karani aliisoma barua mara mbili. Sikujua kwamba naye alikuwa akiisubiri.

Mwalimu alipitisha kidole juu ya mstari wote, kutoka tarehe ya kwanza hadi ya mwisho. "Huyu mama," alisema kwa mkwaruzo wake, "hakuniona kabisa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata sauti hakusikia?"

"Hata sauti."

Nilidhani amefurahi, na alikuwa amefurahi, lakini alikuwa pia na sura ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta ng'ombe wameshakamuliwa. Aligeuza fomu. Nyuma yake mama alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, bila salamu: *Siafu wameingia kwenye moto mara mbili. Karatasi haisemi.*

Mwalimu aliisoma, akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu arudi aliketi kama mtu mwenye kazi.

"Weka stensili," alimwambia karani. "Ukurasa wa kumi na mbili. Andika: kila mguu wa friji usimame ndani ya kopo. Tia maji kwenye kopo."

Akakohoa, akanipa ishara nianze kuchora, kisha akamgusa karani begani kabla hajapiga nukta.

"Ongeza. Ukishaweka makopo, pima tena kama imesimama sawa."